"Dada, Mbona Hauanzi?": Cha kusikiliza katika muziki ambamo karibu hakuna kinachotokea

Jioni moja nilikuwa sebuleni na mdogo wangu, nikaweka muziki kwenye spika. Sauti za watu zikaanza kuimba "aaa", ndefu, moja moja, kila moja ikiingia taratibu na kufifia taratibu. Hakukuwa na ngoma, wala maneno, wala gitaa. Alivumilia dakika nne hivi, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Dada, mbona hauanzi?"

Swali lake ni la haki, na si lake peke yake. Wengi wetu tumewahi kukutana mtandaoni na video za saa nane zenye picha ya ziwa lenye ukungu, au rafiki ametutumia wimbo wa piano unaorudia kitu kilekile mpaka tukadhani simu imekwama. Chini yake watu hubishana: huyu anasema ni muziki wa hali ya juu, yule anasema hata mwanawe angeweza kuupiga. Mara nyingi wote wawili hawaelezi kilichomo ndani. Nitajaribu kukieleza kwa kutumia vipande viwili tu, kimoja cha makofi na kimoja cha sauti, kwa sababu ukivielewa hivyo viwili utakuwa na ufunguo wa vingine vingi.

Tuanze na majina. Muziki wa minimali ni ule unaojengwa kwa vitu vichache sana: noti tano, mdundo mmoja, au sauti moja iliyonyoshwa. Ulipata umbo lake Marekani, hasa California na New York, katika miaka ya 1960, mikononi mwa watunzi kama La Monte Young, Terry Riley, Steve Reich na Philip Glass. Mwaka 1960 Young aliandika kipande chenye noti mbili tu na agizo moja, kwamba zishikiliwe kwa muda mrefu. Hicho ndicho kipande kizima.

Ambienti ni ndugu yake wa baadaye. Mwingereza Brian Eno ndiye aliyelipa jina hilo uzito mwaka 1978, alipotoa albamu yake Music for Airports. Kisa cha jinsi alivyofika huko kinasaidia kuelewa. Mwaka 1975 alipata ajali, akawa amelala kitandani, akiinuka kwa taabu. Rafiki alimletea sahani ya muziki wa kinubi wa karne ya 18, na alipoondoka Eno aliiweka mwenyewe kwa shida, akarudi kulala. Sauti ilikuwa ndogo mno, na upande mmoja wa stereo haukufanya kazi. Eno hakuwa na nguvu za kuinuka tena kuongeza sauti, kwa hiyo alibaki akisikia mvua nje na noti chache za kinubi zilizopenya katikati ya mvua hiyo. Hapo akaona kwamba muziki unaweza kuwa sehemu ya mahali, kama ulivyo mwanga wa dirishani. Baadaye aliandika kwamba muziki wa namna hiyo ukubali kusikilizwa kwa viwango vingi: anayetaka kuupuuza aweze, na anayetaka kuuchunguza akute cha kuchunguza.

Hapa ndipo mkanganyiko unapoanzia. Tukisikia kwamba unaweza kupuuzwa, tunadhani hauna kitu. Lakini wimbo tuliouzoea umetufundisha kutafuta mabadiliko mahali fulani: ubeti unaisha, kiitikio kinaingia, sauti inapanda, mpiga solo anachukua nafasi. Muziki wa minimali umeyahamisha mabadiliko kutoka mahali hapo. Yamo, ila yamewekwa kwenye uhusiano kati ya sauti na sauti, yaani nani katangulia, nani kachelewa, na kwa kiasi gani. Ukiendelea kungoja kiitikio, utangoja mpaka mwisho.

Wala kurudia si jambo geni kwetu. Anayependa muziki wa Kongo anajua sebene: magitaa yanashika kifungu kifupi na kukizungusha kwa dakika nyingi, na hakuna mchezaji anayelalamika kwamba kimerudiwa. Tofauti ni kwamba katika sebene kuna atalaku anayepiga kelele, kuna miguu ya wacheza dansi, kuna gitaa la mbele linalobadili kidogo kila mara. Mtunzi wa minimali anaondoa hivyo vyote, anatuachia mzunguko wenyewe na badiliko moja dogo.

Badiliko hilo umeshaliona barabarani. Ukiwa kwenye foleni usiku, tazama magari mawili mbele yako yaliyowasha indiketa za kukata kona. Mwanzoni taa zinawaka pamoja. Baada ya muda moja inatangulia kidogo, kisha zinawaka kwa kupokezana, kisha zinakaribiana tena mpaka zinakutana. Hakuna taa iliyobadilisha mwendo wake. Kilichobadilika ni umbali kati yao, na macho yako yaliufuata umbali huo bila kufundishwa.

Reich alilikuta jambo hili kwa bahati mwaka 1965, akiwa na mashine mbili za kanda zilizokuwa zikicheza maneno yaleyale ya mhubiri wa mtaani wa San Francisco aliyekuwa akihubiri habari za gharika ya Nuhu. Mashine hazikwenda kwa kasi iliyo sawa kabisa, maneno yakaanza kuachana. Miaka miwili baadaye alilihamishia kwa binadamu: wapiga piano wawili wanaanza na noti zilezile 12, kisha mmoja anaongeza mwendo kidogo kidogo huku mwenzake akishikilia wake. Na mwaka 1972 alitunga kipande kisichohitaji hata chombo, Clapping Music, cha watu wawili na mikono minne. Hiki ndicho ninachompa kila anayeniuliza aanzie wapi, kwa kuwa unaweza kukihesabu.

Mzunguko wake una mipigo 12 ya haraka. Katika hiyo 12, makofi ni 8 na mapengo ni 4: makofi matatu, pengo, mawili, pengo, moja, pengo, mawili, pengo. Useme kwa mdomo kwanza: pa-pa-pa, pa-pa, pa, pa-pa. Wapigaji wote wawili wanaanza pamoja, na mmoja wao hatabadili kitu mpaka mwisho. Wa pili, baada ya kurudia mzunguko mara 8 au 12, anaruka mpigo mmoja mbele, yaani anaanzia pale ambapo palikuwa na kofi la pili. Anarudia tena mara hizo hizo, kisha anaruka mpigo mwingine, hivyo hivyo mpaka azunguke wote na kurudi kukutana na mwenzake. Safari yote huchukua dakika tatu hadi tano.

Tuangalie kinachotokea kwenye ruko la kwanza. X ni kofi, nukta ni pengo:

```
Wa kwanza: X X X . X X . X . X X .
Wa pili:   X X . X X . X . X X . X
```

Shuka safu kwa safu. Kila mahali palipo na nukta juu, pana kofi chini. Mapengo manne yaliyokuwa yanaupa mdundo sura yake yamezibwa yote kwa mara moja. Sikio linaloshughulika na nani anapiga nini litasema ni kelele tu imeongezeka. Sikio linalosikiliza mapengo litasema: tulikuwa na matundu manne, sasa hakuna hata moja.

Ukiendelea kuhesabu hivyo kwa kila ruko, ukianza na pale walipokuwa pamoja, utapata mapengo 4, kisha 0, 1, 2, 1, 2, 0, 2, 1, 2, 1, 0, na mwisho 4 tena. Tazama umbo lake: linasomeka sawa kutoka kushoto na kutoka kulia. Katikati kabisa, ruko la sita, muziki unajaa tena bila tundu lolote, kama ulivyojaa mwanzoni. Na hatua moja kabla ya mwisho unajaa kwa mara ya tatu, halafu ghafla wapigaji wanakutana na matundu manne yanafunguka kwa pamoja. Mara ya kwanza nilipolisikia hilo nilidhani wamebadilisha wimbo. Ulikuwa mdundo uleule wa mwanzo, ila masikio yangu yalikuwa yametoka mahali pengine yakiurudia.

Kwa hiyo mtu akisema katika kipande hiki hakuna kinachotokea, mwambie asisikilize makofi, asikilize matundu. Si lazima ahesabu. Inatosha ajiulize kila baada ya muda: sasa hivi kumebana au kumeachia? Atasikia muziki ukibana na kuachia kama kitambaa kinachovutwa.

Kuna jambo la pili la kusikiliza humo, nalo linatugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Makofi mawili yanapofuatana kwa kasi, moja la huyu na moja la yule, sikio halishughuliki kuuliza limetoka kwa nani. Linayaunganisha. Fikiria watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja kwa kupokezana mchi: kila mmoja anapiga kwa mwendo wa kawaida, lakini aliye nje ya ua anasikia mtwango mmoja wa haraka ambao hakuna mtu anayeutwanga. Katika muziki wa minimali, vifungu vya namna hiyo, visivyo na mwenyewe, ndivyo vitamu zaidi.

Waganda walilijua hili na kulipa utaratibu muda mrefu kabla ya Reich kuzaliwa. Amadinda ni marimba ya Buganda yenye vipande 12 vya mbao. Wachezaji wawili wanakaa wakitazamana. Mmoja anapiga kifungu chake, na wa pili anaingiza noti zake katikati kabisa ya noti za mwenzake, kama wale watwangaji. Kinachotoka ni mkondo mmoja wa haraka sana, na ndani ya mkondo huo sikio linazikusanya noti za chini zenyewe na za juu zenyewe, likasikia nyimbo ambazo hakuna mkono uliozipiga. Mchezaji wa tatu anakaa kwenye vipande viwili vya mwisho vya juu, na kazi yake ni kuutoa mmoja wa nyimbo hizo hadharani: noti mbili za chini kabisa zinapojitokeza katika mkondo, yeye anazirudia kule juu ili kila mtu azisikie. Mtafiti wa Austria, Gerhard Kubik, alijifunza kupiga kwa fundi Evaristo Muyinda huko Kampala kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, na katika miaka ya 1960 aliandika juu ya nyimbo hizi zilizojificha ndani ya mkondo.

Reich naye hakuzuka hewani. Alikuwa amesoma vitabu kuhusu ngoma za Afrika, na mwaka 1970 alikwenda Accra, Ghana, kujifunza ngoma za Waewe. Kipande chake kikubwa cha ngoma alikitunga baada ya safari hiyo. Wapo wanaosema kwamba minimali yote ni wizi kutoka Afrika, na wapo wanaoitaja bila kuitaja Afrika kabisa. Naona wote wanakosea. Mbinu ya kanda zinazoachana alikuwa nayo tangu 1965, na mwenyewe alisema kwamba Ghana ilimthibitishia njia aliyokwisha kuianza. Lakini sikio la kusikia wimbo usio na mpigaji, sikio hilo lilishakuwa na walimu wake Kampala, na ni haki walimu hao watajwe.

Sasa turudi sebuleni kwa mdogo wangu, kwa kuwa kipande kilichomshinda si cha makofi. Kilikuwa cha pili katika upande wa kwanza wa Music for Airports. Hakina jina, kimeandikwa 2/1 tu. Humo hakuna mpigo wa kuhesabu, na kama huna mpigo, unashika nini?

Eno amesema wazo lilimjia akiwa uwanja wa ndege wa Cologne, Ujerumani, mahali pazuri palipokuwa na muziki mbaya. Alichofanya ni hiki. Wanawake watatu pamoja naye mwenyewe waliimba noti moja moja ya "aaa", wakarekodiwa. Kila noti iliwekwa kwenye kipande chake cha kanda, na kipande hicho kikaunganishwa ncha kwa ncha kuwa kitanzi. Vitanzi vilikuwa virefu kiasi kwamba ilibidi vizungushwe kwenye miguu ya viti vya bomba la alumini mle studioni ili kanda isilegee. Kila kitanzi kikawa na noti moja na kimya kirefu, na kila kimoja kikawa na urefu wake. Katika hotuba ya mwaka 1996 alitaja vitatu kati ya hivyo, akisema ni kwa makadirio: kimoja kinazunguka kila sekunde 23.5, cha pili kila sekunde 25.875, cha tatu kila sekunde 29.9375. Akaviwasha vyote, akaviacha vikutane vyenyewe.

Tuchukue viwili vya kwanza na tuseme vimeanza pamoja. Sauti ya kwanza inarudi baada ya sekunde 23.5; ya pili inachelewa kwa sekunde mbili na kidogo, kwa hiyo inaingia juu ya mkia wa ya kwanza wakati bado haijafifia. Unasikia kama mmoja anaita na mwingine anaitikia. Mzunguko unaofuata kuchelewa kumefika karibu sekunde tano, mwitikio unakuja mkia ukiwa umeshakonda. Wa tatu, sekunde saba: kuna kimya katikati, na zile sauti mbili hazionekani tena kuwa na habari moja na nyingine. Kufikia mzunguko wa tano sauti ya pili iko karibu katikati kabisa ya kimya cha ya kwanza, mbali na pande zote mbili. Baada ya hapo inaanza kuukaribia mwito unaofuata kutoka nyuma. Kwenye dakika ya 4 na sekunde 18 hivi zinakutana tena, zikipishana kwa robo sekunde tu, na zile noti mbili ulizokuwa ukizisikia mbalimbali zinakuwa mlio mmoja mpana.

Hapo ni vitanzi viwili tu. Ukitaka viwili hivyo virudi sawasawa kabisa vilipoanzia, utangoja saa 1 na dakika 21. Ukiongeza kile cha tatu, kwa vipimo hivyo alivyovitaja, hesabu yangu inaleta takriban siku 27. Kipande chenyewe kinadumu chini ya dakika kumi. Kwa hiyo yule anayesema "kinajirudia tu" amesema kinyume cha ukweli: kila sauti peke yake inajirudia bila kubadilika, lakini mkutano wao haujirudii hata mara moja katika muda wote unaousikiliza.

Hili ndilo nilimweleza mdogo wangu, na nikampa kazi moja tu badala ya tano. Chagua sauti moja, nilimwambia, ile unayoitambua kwa urahisi, na uisubiri. Usihesabu sekunde. Kila inapokuja, angalia imemkuta nani pale. Ni kama kumkazia mtu fulani macho kwenye stendi ya daladala: yeye anapita kwa saa zake, ila kila akipita umati unaomzunguka ni mwingine.

Kazi hiyo ikizoeleka, sikio lenyewe linaanza kuona la pili, nalo ni mkia. Katika nyimbo zetu nyingi mwanzo wa sauti ndio wenye habari, kwa sababu kabla haijamalizika nyingine imeshaingia. Hapa sauti inaachwa ife. Sikiliza inavyokufa: kwanza unapotea ukali wa pumzi, kisha unabaki mwangwi tu, kisha unafika mahali ambapo hujui kama bado unaisikia au unaikumbuka. Ile nukta ya kutojua ni ya kweli, na mtunzi ameiachia nafasi makusudi. Ikitokea feni ya chumbani au jogoo wa jirani akaingia katikati, hajaharibu kitu. Kumbuka mvua na kinubi cha kitandani.

Wengi huuliza kama huu si muziki wa kulalia tu. Unaweza kulala nao, na si dhambi. Lakini kuna bidhaa nyingine iliyokuwapo kabla yake, ule muziki laini uliotengenezwa kwa ajili ya maduka, lifti na viwanda, ambao kazi yake ni kufunika: nyimbo zinazojulikana, zilizopunguzwa makali. Eno alieleza wazi kwamba anataka kitu tofauti na hicho. Alitaka muziki unaoacha mahali pabaki na hali yake, hata kama hali hiyo ina wasiwasi ndani yake, kama ilivyo kwa mtu anayesubiri kupanda ndege.

Na wale wanaosema "hata mimi naweza"? Vitanzi, ndiyo, unaweza, na nawashauri mjaribu. Utakachokuta kigumu ni kuchagua noti. Kwa kuwa hujui ni zipi zitakutana, kila noti lazima ikubaliane na kila nyingine, ikitangulia au ikifuata. Ukiweka moja inayogombana na mwenzake, ugomvi utatokea mahali usipopanga, na hutaweza kuuondoa bila kuanza upya. Kwenye makofi ugumu ni mwingine: nani anayeweza kushikilia mdundo wake wakati mwenzake yuko mpigo mmoja mbele, bila kuvutwa? Jaribu na mtu nyumbani. Mara nyingi ruko la kwanza tu mmoja anaburutwa, na mnajikuta mnapiga pamoja tena bila kujua nani aliyeteleza.

Kuna mambo ya kawaida yanayoharibu usikilizaji huu, na hayana uhusiano na elimu ya muziki. Spika ndogo ya simu inakata sauti za chini na kumeza mikia, kwa hiyo kipande cha ambienti kinabaki na mianzo tu, kama hadithi iliyosomwa kwa vichwa vya sura. Tumia visikizi, au spika yoyote iliyo kubwa kidogo, na uweke sauti ndogo kuliko ulivyozoea. Ukiifungua sana utazisikia sauti zikikusukuma wakati zimetengenezwa zikae mbali. Ukisikiliza mtandaoni, zima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo na kile cha kuunganisha wimbo unaofuata. Tangazo la sabuni likiingia katikati ya mkia wa sauti, sikio litachukua muda kurudi.

Na zile video za saa nane? Nyingi si ambienti hata kidogo, na kuna njia ya kuzitambua. Tafuta tukio moja dogo lisilo la kawaida: mlio wa ndege, noti iliyokwaruza, pumzi. Andika dakika yake. Endelea kusikiliza mpaka litokee tena, kisha uangalie kilicho pembeni yake. Kama kila kitu kilichokuwa kushoto na kulia kwake kimerudi vilevile, basi umeuziwa dakika tatu zilizonakiliwa mara 160. Kama tukio limerudi lakini majirani zake wamebadilika, kuna vitanzi zaidi ya kimoja vinavyotembea, na hapo pana haja ya kukaa.

Mdogo wangu aliomba nikiweke tena kile kipande cha 2/1 baada ya chakula. Alichagua sauti ya juu kuliko zote. Alikaa kimya, mikono magotini, na nikajua asingeuliza tena lini kinaanza. Kitu kama dakika ya tano hivi aliinua kidole bila kunitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Sasa hivi imekuja peke yake," akakishusha, akaendelea kuisubiri.